Theluthi mbili imetoka wapi?

Binti wa dada yangu alikuwa amekaa mezani na daftari la hesabu, na swali lenyewe lilikuwa lile la kuonyesha kwa vekta kwamba mediani tatu za pembetatu, yaani mistari inayotoka kila kona kwenda katikati ya upande wa mbele yake, zinakutana kwenye nukta moja. Uthibitisho alikuwa nao tayari, ameunakili ubaoni, mistari michache tu, na mstari wa kwanza ulisema: chukua nukta G inayogawa mediani AM kwa uwiano wa 2 kwa 1. Baada ya hapo kila kitu kinateremka chenyewe mpaka chini.

Akaweka kalamu.

"Mamdogo, huyu alijuaje kwamba ni mbili kwa moja?"

Nikamwambia fuatilia mpaka mwisho utaona inakubali.

"Kukubali nimeona. Nauliza alijuaje kabla hajaanza."

Nilimjibu kitu pale, kikamtosha kumaliza kazi yake, ila mimi hakikunitosha. Wiki kadhaa zimepita na bado nikikaa peke yangu najikuta nachora pembetatu pembeni ya karatasi. Kwasababu ana haki kabisa. Uthibitisho unaoanza na jibu unakuonyesha kwamba jibu ni sahihi, haukuonyeshi kwanini mtu angelitafuta pale.

## Ule wa daftarini

Tuupitie haraka maana wengi mnaujua. Kona za pembetatu ni A, B na C. Unachagua chanzo O popote unapotaka, alafu vekta za mahali za kona, yaani zile zinazotoka O kwenda kila kona, unaziita a, b na c. Katikati ya upande BC kuna nukta M, na vekta yake ya mahali ni wastani wa ncha mbili za upande huo:

```
m = (b + c)/2
```

Sasa kutoka A unatembea theluthi mbili ya safari ya kwenda M:

```
g = a + (2/3)(m - a)
  = (1/3)a + (2/3)(b + c)/2
  = (a + b + c)/3
```

Ukianzia B ukaenda katikati ya CA, unapata (a + b + c)/3. Ukianzia C, hivyohivyo. Nukta moja iko kwenye mediani zote tatu, mchezo umeisha.

Kwa namba, ili tuwe na kitu cha kushika: A(1, 2), B(7, 4), C(4, 9). Katikati ya BC ni (5.5, 6.5). Kutoka A kwenda huko ni hatua ya (4.5, 4.5), theluthi mbili yake ni (3, 3), kwahiyo unatua (4, 5). Kutoka B, katikati ya CA ni (2.5, 5.5), hatua ni (-4.5, 1.5), theluthi mbili ni (-3, 1), unatua (4, 5). Kutoka C, katikati ya AB ni (4, 3), hatua ni (0, -6), theluthi mbili ni (0, -4), na umetua (4, 5) tena. Na wastani wa kona zote ni 12/3 na 15/3, yaani ileile (4, 5).

Inakubali. Lakini ndo lilelile la binti, tumekagua tu.

## Jaribio la kwanza: tusiijue namba

Nikasema basi, tujifanye hatuijui theluthi mbili, tuiite t. Nukta yoyote kwenye mediani ya A inaandikwa

```
(1 - t)a + (t/2)b + (t/2)c
```

na nukta yoyote kwenye mediani ya B, ambayo namba yake tuiite s, inaandikwa

```
(s/2)a + (1 - s)b + (s/2)c
```

Mistari miwili ikikutana, hizi mbili ni kitu kimoja. Mkono unakimbilia kulinganisha namba zilizo mbele ya a na a, b na b, c na c. Kutoka kwenye c unapata t = s, kutoka kwenye a unapata 1 - t = t/2, na hapo t inatoka 2/3 yenyewe bila mtu kuiotea.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana.

Maana kuna kitu kwenye hatua hiyo kinateleza na ni rahisi kukipita bila kukiona. Ukiwa na vekta mbili zisizo sambamba unaruhusiwa kulinganisha namba za mbele, hilo halina ubishi. Ila hapa tuna vekta tatu, na zote zimelala kwenye karatasi moja. Kwenye karatasi moja, vekta ya tatu siku zote inaweza kutengenezwa kutokana na hizo mbili nyingine, kama hizo mbili haziko sambamba, kwahiyo nukta moja inaweza kuandikwa kwa namba za mbele tofautitofauti na zote zikawa sahihi.

Mfano wa kuona kwa macho: chukua pembetatu yetu ileile lakini chanzo ukiweke pale (4, 5). Kona sasa zinakuwa A(-3, -3), B(3, -1) na C(0, 4). Jumlisha zote tatu unapata sifuri. Yaani 1a + 1b + 1c ni vekta sifuri, na 0a + 0b + 0c nayo ni vekta sifuri. Vekta ileile, namba za mbele tofauti kabisa. Mtu anayelinganisha hapo atakwambia 1 = 0.

Nimeshaona kazi nyingi za wanafunzi wakilinganisha namba za mbele za vekta tatu kwenye karatasi moja, wanapata jibu sahihi, wanapewa alama zote, na hakuna anayeuliza kwanini iliruhusiwa.

Dawa nyepesi ni kuweka chanzo kwenye kona A. Hapo a inakuwa sifuri na inatoweka, unabaki na b na c tu, ambazo haziko sambamba kwasababu pembetatu ni pembetatu kweli na siyo kamstari. Mediani ya A inakuwa (t/2)b + (t/2)c, mediani ya B inakuwa (1 - s)b + (s/2)c, unalinganisha kwa halali kabisa, t = s, t/2 = 1 - t, t = 2/3. Mediani ya C nayo ukiiwekea 2/3 inatoa (1/3)b + (1/3)c, nukta ileile.

Kuna dawa ya pili, na hii mimi ndo naipenda zaidi. Angalia zile namba za mbele za mediani ya A: (1 - t), t/2 na t/2. Zijumlishe. Unapata 1, haijalishi t ni ngapi. Za mediani ya B nazo jumla ni 1. Ukiweka sharti kwamba namba za mbele lazima zijumlike kuwa 1, basi kila nukta ya karatasi ina namba zake tatu za pekee, hakuna nyingine, mradi kona tatu haziko kwenye mstari mmoja. Ule mfano wangu wa sifuri unakufa papohapo maana wa kwanza jumla yake ni 3 na wa pili ni 0, hakuna hata mmoja aliyetimiza sharti.

Kwahiyo kulinganisha kulikuwa halali tangu mwanzo, ila uhalali wake ulikuwa unatoka kwenye hiyo 1 ambayo hakuna aliyeitaja.

Hiyo 1 ikanifanya nisimame. Namba zinazojumlika kuwa 1 ni kazi ya wastani.

## Wastani wa watu wawili na wa tatu

Weka vekta pembeni kidogo. Wanafunzi watatu wamefanya mtihani. Wawili wamepata 50 na 70, wastani wao ni 60. Wa tatu kapata 90. Wastani wa wote watatu ni ngapi?

Ukichukua katikati ya 60 na 90 unapata 75, na siyo jibu. Jibu ni 70. Kila mtu aliyewahi kukokotoa wastani wa darasa anajua kwanini: ile 60 imebeba watu wawili na ile 90 imebeba mtu mmoja, kwahiyo wastani wa wote unavutwa kwenda kwenye 60 mara mbili zaidi. Kutoka 90 mpaka 60 ni hatua 30, na 70 iko hatua 20 kutoka kwenye 90.

Ishirini kati ya thelathini.

Theluthi mbili.

Nilikaa nayo hiyo kwa muda mrefu. Kwasababu hii ndo mediani yenyewe, hakuna kilichoongezwa. Ile 90 ni kona A. Ile 60 ni M, katikati ya upande wa mbele yake, yaani wastani wa kona mbili. Na 70 ni G. Nukta G inakaa theluthi mbili ya njia kutoka kwenye kona kwasababu mwisho wa pili wa mediani, pale M, umesimamia kona mbili wakati mwisho wa kwanza umesimamia kona moja. Ile "2 kwa 1" ya daftarini ni hesabu ya kona ngapi ziko upande gani.

Sasa uthibitisho unaweza kuandikwa ukianzia upande mwingine kabisa. Husemi "chukua nukta inayogawa mediani kwa 2 kwa 1". Unasema: chukua wastani wa kona tatu.

```
g = (a + b + c)/3
```

Alafu unajiuliza, nikiukokotoa wastani huu kwa awamu, nikaanza na B na C kwanza, inakuwaje? Wastani wa B na C ni M. Kisha nauchanganya M na A, M ikiwa na uzito wa mbili na A uzito wa mmoja: g = (2m + a)/3. Wastani wa nukta mbili, uzito wowote ulio chanya, uko kwenye mstari unaoziunganisha, mahali fulani kati yao. Kwahiyo G iko kwenye AM.

Ila mimi ndo niliyechagua kuanza na B na C. Ningeweza kuanza na C na A, ningepata kwamba G iko kwenye mediani ya B. Ningeweza kuanza na A na B, G ingekuwa kwenye mediani ya C. Wastani wa vitu vitatu haujali ulianza na vipi viwili. Zile mediani tatu ni njia tatu za kukokotoa wastani mmoja, na zinakutana kwasababu jibu la wastani ni moja.

Hapa ndo nilipotamani yule binti angekuwa bado amekaa mezani. Nilimpigia usiku uleule. Akanyamaza kidogo alafu akauliza, "Kwahiyo mediani ya B sina haja hata ya kuiangalia?" Nikamwambia huna haja mwanangu. Fomyula ya (a + b + c)/3 haijui ni kona ipi umeiita A, ukibadilisha majina ya kona inabaki vilevile, kwahiyo ulichokithibitisha kwa kona moja umekithibitisha kwa zote tatu.

Kitu kimoja kidogo kinabaki ili mtu asije akalalamika: tumeonyesha G iko kwenye mediani zote tatu, je hakuna nukta nyingine wanayokutana? Mistari miwili tofauti haiwezi kukutana mara mbili, na mediani mbili za pembetatu halisi ni mistari tofauti, basi. Kona zikiwa kwenye mstari mmoja ndo inaharibika. Chukua 0, 1 na 5 kwenye mstari wa namba. Wastani ni 2, na theluthi mbili inafanya kazi bado, kutoka 0 kwenda katikati ya 1 na 5 ambayo ni 3, theluthi mbili yake ni 2. Ila "mediani" zote tatu zimelaliana kwenye mstari uleule kwahiyo kusema zinakutana nukta moja hakuna maana tena. Wastani umebaki mzima, kilichokufa ni neno kukutana.

## Lakini chanzo je?

Hili lilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Nimejumlisha vekta za mahali, a + b + c, nikagawa kwa tatu. Vekta za mahali zinategemea O iko wapi, na O nilijiwekea mwenyewe. Je G nayo inahama nikiihamisha O? Maana kama inahama basi nimethibitisha kitu kuhusu O yangu na siyo kuhusu pembetatu.

Nikajaribu kwa namba. Chanzo kipya nikakiweka pale ilipokuwa (10, 10). Kona sasa zinasomeka A(-9, -8), B(-3, -6), C(-6, -1). Jumla ni (-18, -15), wastani ni (-6, -5). Ukitoka kwenye chanzo kipya ukatembea (-6, -5) unafika wapi? 10 toa 6, 10 toa 5, unafika (4, 5) ya zamani. G haijasogea.

Ila jaribu jumla bila kugawa. Kwa chanzo cha zamani jumla ilikuwa (12, 15). Kwa chanzo kipya ni (-18, -15), na ukitembea hivyo kutoka (10, 10) unafika (-8, -5) kwa hesabu ya zamani. Ni mahali pengine kabisa. Jumla ya nukta haina makazi. Wastani una makazi.

Sababu ni ileile 1. Ukihamisha chanzo kwa vekta d, kila vekta ya mahali inapungukiwa d. Jumla ya tatu inapungukiwa 3d, wakati nukta halisi inatakiwa ipungukiwe d moja tu, kwahiyo jumla inaachana na nukta yake. Wastani unapungukiwa theluthi ya 3d, ambayo ni d, sawasawa na kila nukta nyingine ya karatasi. Mchanganyiko wowote wa nukta ambao namba zake za mbele zinajumlika kuwa 1 unahama pamoja na karatasi. Zisipojumlika kuwa 1, umetengeneza kitu kinachofuata chanzo chako.

Nimeanza kuitumia hii kama kipimo cha kukagua kazi. Mtu akiniletea nukta aliyoipata kwa vekta za mahali, na chanzo hakukiweka kwenye kona, kabla sijasoma chochote kingine najumlisha namba za mbele. Isipotoka 1 najua kuna mahali hesabu imepotea, hata kama sijui wapi bado.

## Ingeweza kushindikana?

Hapa nikapata wasiwasi wa upande wa pili. Maelezo ya wastani ni laini mno mpaka unaanza kuona kama vile mistari mitatu lazima ikutane tu, kama vile ni tabia ya pembetatu kuikutanisha. Siyo kweli, na njia nzuri ya kuliona hilo ni kuharibu kitu kidogo.

Badala ya katikati ya kila upande, chukua nukta iliyo theluthi moja ya upande, ukizunguka kwa mwelekeo mmoja. D iko kwenye BC, karibu na B. E iko kwenye CA, karibu na C. F iko kwenye AB, karibu na A. Kwa vekta:

```
d = (2b + c)/3
e = (2c + a)/3
f = (2a + b)/3
```

Chora AD, BE na CF. Ukiwa na macho ya haraka unaweza kudhani zitakutana mahali, maana kila kona imetendewa sawa na mwenzake. Chora vizuri na rula utaona pembetatu ndogo imebaki katikati.

Tumia namba za mbele, ziite x, y na z, zile za xa + yb + zc zenye jumla ya 1. Nukta iliyo kwenye AD inachanganya A na D, na ndani ya D kuna b mbili kwa c moja, kwahiyo popote utakaposimama kwenye AD, y = 2z. Kwenye BE, z = 2x. Kwenye CF, x = 2y. Nukta inayotaka kukaa kwenye mistari yote mitatu itimize vyote: y ni 2z, ambayo ni 4x, ambayo ni 8y. Namba inayolingana na mara nane yake ni sifuri tu, y ikiwa sifuri zote ni sifuri, na jumla haiwezi kuwa 1. Hakuna nukta.

Sasa rudi kwenye mediani uone tofauti. Kwenye mediani ya A, y = z. Kwenye ya B, z = x. Kwenye ya C, x = y. Ukizunguka unarudi ulipoanzia bila kuzidisha kitu. Ndo maana zinakutana. Mwanahisabati Giovanni Ceva alitoa sharti hili kwa ujumla mwaka 1678: uwiano wa vipande vya pande tatu, ukizidishwa kwa kuzunguka pembetatu, lazima utoke 1 ili mistari ikutane ndani. Kwa mediani ni 1 mara 1 mara 1. Kwa mistari yetu ya theluthi ni 2 mara 2 mara 2, ikatoka 8, ikakataa. Na kusoma nukta kwa namba zake tatu za uzito, x, y na z, August Möbius aliufanya kuwa mfumo kamili mwaka 1827.

Sikutaka kuiacha ile pembetatu ndogo ya katikati. Kona zake unazipata haraka. AD na BE zinakutana pale y = 2z na z = 2x, yaani uzito wa 1, 4, 2, na jumla yake ni saba:

```
(a + 4b + 2c)/7
```

Nyingine mbili zinatoka (2a + b + 4c)/7 na (4a + 2b + c)/7. Eneo la pembetatu hiyo ndogo ni 1/7 ya ile kubwa. Alafu nikachukua wastani wa kona zake tatu. Jumlisha za a: 1, 2, 4, unapata 7. Za b ni 7. Za c ni 7. Saba juu ya saba, gawa kwa tatu:

```
(a + b + c)/3
```

G ileile! Mistari imegoma kukutana, lakini pembetatu iliyobaki katikati imekaa imeizunguka nukta ileile ambapo mediani zinakutana. Hii sikuitegemea hata kidogo, niliiandika tena kwenye karatasi safi kuhakikisha.

## Kona nne

Yule binti alipokuja tena alikuwa na swali lake jipya, na mimi nilikuwa nalitamani. Je kona zikiwa nne?

Kwanza kuna mahali pa kuwa mwangalifu. Kwenye pembetatu, wastani wa kona tatu ni pia mahali ambapo kipande cha kadibodi cha umbo hilo kinasimama sawa juu ya ncha ya kalamu. Mtu anaweza kudhani ni hivyo kwa umbo lolote. Chukua umbo la pande nne lenye kona (0, 0), (6, 0), (3, 3) na (0, 3). Wastani wa kona ni (2.25, 1.5). Ila ukilikata kwa mstari kutoka (0, 0) mpaka (3, 3) unapata pembetatu mbili, moja ya eneo 9 yenye wastani (3, 1), nyingine ya eneo 4.5 yenye wastani (1, 2). Ya kwanza ni nzito mara mbili ya pili, kwahiyo kadibodi inasimama pale (2·3 + 1)/3 na (2·1 + 2)/3, yaani 7/3 na 4/3, kama (2.33, 1.33). Siyo wastani wa kona. Uzito uliokaa kwenye kona na uzito uliotandazwa kwenye eneo lote ni vitu viwili, na pembetatu imebahatika kwamba kwake vinaangukia sehemu moja.

Lakini wastani wa kona wenyewe unaendelea kufanya kazi yake. Chukua piramidi yenye kona nne A, B, C na D, ambazo haziko kwenye karatasi moja. Unganisha kila kona na wastani wa kona tatu za uso ulio mbele yake. Mistari minne hiyo inakutana, na inakutana wapi? Binti hakuandika chochote. Akasema upande mmoja kuna kona moja, upande mwingine kuna kona tatu, kwahiyo ni robo tatu ya njia kutoka kwenye kona.

Ni kweli:

```
(a + b + c + d)/4 = (1/4)a + (3/4)(b + c + d)/3
```

Nikamwambia igawe wawili wawili basi. Wastani wa A na B ni katikati ya ukingo AB, wastani wa C na D ni katikati ya ukingo CD, kila upande una kona mbili, kwahiyo nukta inakaa nusu kwa nusu kwenye mstari unaounganisha kingo hizo mbili zinazotazamana. Kuna jozi tatu za kingo zinazotazamana: AB na CD, AC na BD, AD na BC. Jumlisha na ile minne ya mwanzo, ni mistari saba kwenye nukta moja, na bado tulikuwa hatujachora hata mmoja.